Unga wa karanga usiingie kwenye kapu la Desemba

Makala yenu ilipendekeza unga wa karanga kwenye kapu la mwisho wa mwaka, ila hapo sikubaliani nanyi. Hapa Mbuya tunawaandalia wafanyakazi vikapu kila mwisho wa mwaka, na wengi wao huondoka navyo kwa basi kwenda kijijini. Kapu hupigwa joto njia nzima, kisha hukaa stoo hadi Januari. Karanga zikishasagwa, mafuta yake huchacha upesi. Ukinusa utasikia harufu kama ya rangi ya mlango. Zikiwa na unyevu huota kuvu, na sumukuvu haiishi kwa kupika. Badala yake wekeni maharage makavu ya nambale, ambayo hukaa miezi, mradi yasiwe na matundu ya wadudu wala vumbi chini ya gunia.

Tuseme bajeti ni shilingi 70,000 kwa mtu. Sisi huanza na mchele kilo 5, mafuta lita 2 na sukari kilo 2. Hapo sehemu kubwa ya fedha imekwisha, kinachobaki kinanunua maharage na chumvi. Nyama ya kopo na divai tuliziacha, kwani Waislamu na Wasabato wengi wasingezitumia, na kuandaa kapu la pekee kwa wachache huwafanya wajione wametengwa. Wenye kisukari tu ndio huulizwa mapema, nao hupewa maharage zaidi badala ya sukari. Mafuta nayo yachunguzeni: kifuniko kisivuje, tarehe ya mwisho ipite Machi.