Wakili, wacha shahidi aongee!

Unadhani kumhoji shahidi wa upande wako ni mteremko? Jaribu uone. Kabla sijaacha chuo, tulikuwa na kesi ya mazoezi: matatu imemgonga mtu wa bodaboda kwenye makutano, naye anadai fidia. Shahidi wangu alikuwa mama mboga aliyeona ajali. Nikaanza kwa mbwembwe: "Matatu ilikuwa mbio na ikapita taa nyekundu, sivyo?" Akajibu, "Ndiyo." Wakili wa mdaiwa akaruka kupinga, na mwalimu aliyekuwa hakimu akamkubalia.

Nilikasirika, lakini leo naona alikuwa sawa. Swali langu lilikuwa tayari limebeba jibu. Mimi ndiye niliyetoa ushahidi, na mimi sikuwa barabarani. Jina la mama na kazi yake ningeweza kumtajia athibitishe tu, maana hakuna anayeyabishania. Lakini rangi ya taa ndiyo kesi yenyewe.

Nikaanza upya. "Ulikuwa wapi?" "Kibandani, karibu na taa." "Uliona nini?" "Matatu ikija." "Ilipokuwa ikija, taa ya upande wake ilikuwa rangi gani?" "Nyekundu." "Ikafanya nini?" "Ikapita tu!"

Umeona? Kila swali limeshikilia jibu lililotangulia, na taa nyekundu imetoka kwa mama mwenyewe. Maswali ya "sivyo?" mwachie wakili wa upande wa pili, yeye anaruhusiwa. Wewe uliza, kisha unyamaze. Hakimu hawezi kumpa mtu fidia kwa macho ya wakili.