Gede au Gedi? Andika yote mawili

Juzi tulitazama video ya dakika saba iliyopigwa ndani ya magofu ya Gede, karibu na Watamu. Kazi safi: kuta za matumbawe, mizizi iliyokumbatia mawe, kima wakirukaruka juu ya misikiti. Kichwa chake? "Malindi Raha Tupu 3". Chini yake, nambari ya simu na "asanteni kwa sapoti". Neno Gede halimo popote, wala Watamu, wala Kilifi. Mwanafunzi anayetafuta magofu hayo ataifikiaje?

Kichwa cha video YouTube hakizidi herufi 100, na kwenye simu mara nyingi hukatwa kabla ya hapo, kwa hiyo jina la mahali litangulie. Sisi tungeandika: "Magofu ya Gede (Gedi), Kilifi: kaburi la mwaka 1399". Tahajia mbili si mapambo. Hapa kwetu twaandika Gede, lakini UNESCO ilipouingiza mji huo katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, iliuandika Gedi. Mgeni atatafuta alivyosoma huko, na mwenyeji atatafuta alivyozoea.

Maelezo yana nafasi ya herufi 5,000, ila mtazamaji huona mistari michache tu ya mwanzo mpaka abonyeze kuyafungua. Hapo ndipo pa kusema video inaonyesha nini, wapi, na ilipigwa lini. Shukrani na nambari ya simu zishuke chini. Kisha weka nyakati, ili anayetaka kaburi peke yake asisumbuke kusogeza:

```
0:00 Langoni
1:10 Kaburi lenye tarehe
2:45 Msikiti Mkuu
4:20 Jumba la kifalme
```

Orodha hiyo ianze na 0:00, iwe na vipande visivyopungua vitatu, na kila kimoja kidumu angalau sekunde kumi. Ukianza na 0:05, YouTube haitaigawa video kwa orodha yako, na wengi huishia kulaumu simu zao.

Kuna wanaokimbilia hashtegi: Diani, Lamu, Zanzibar, Diamond, zote chini ya video ya Gede. Zikizidi 60, YouTube huzipuuza zote. Hata zikiwa chache, majina yasiyohusu video ni udanganyifu unaoweza kuifanya iondolewe. Tatu za kweli zatosha.

Maneno hayataiokoa video mbovu, hilo twalikubali. Lakini hata nzuri haimalizi kazi siku ya kuipandisha. Baada ya wiki mbili, fungua takwimu za chaneli yako utazame maneno ambayo watu waliandika hadi wakakufikia. Ukikuta wengi waliandika "Gedi ruins", nenda kwenye maelezo uyaongeze maneno hayo. Kichwa na maelezo hurekebishwa wakati wowote, bila kuipandisha video upya.