USO UMEPINDA, SIKIO LINAUMA: ACHENI KUUSINGIZIA UPEPO (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo nakuja na hasira kidogo, mnivumilie.

Mtoto wa miaka 6 aliletwa wodini kwetu mdomo umevutwa kushoto, jicho la kulia halifungi. Ilikuwa siku ya nne. Nyumbani walisema kapigwa na upepo mbaya, wakamkanda kwa maji ya moto na kumtia mafuta ya kitunguu saumu sikioni. Nikamuuliza mama, hili sikio la kulia limeanza lini kutoa usaha? "Ah nesi, hilo la siku zote, tangu ana miaka minne."

Hapo ndipo tunapogombana. Mshipa wa fahamu unaochezesha uso unapita kwenye kijia chembamba ndani ya mfupa, jirani kabisa na sikio la kati. Usaha ukikaa miaka, ugonjwa unaweza kuula huo mfupa mpaka ukaufikia mshipa. Mshipa ukivimba hauna pa kutanukia, unajibana wenyewe, na uso unalala. Kitunguu saumu kinafika wapi hapo? Huyu mtoto alihitaji daktari wa masikio, picha ya siti skani na upasuaji, na siku nne zilishapotea.

Wengine mnakimbilia "stroki!" Sawa, hofu hiyo siilaumu. Mwambie mgonjwa anyanyue nyusi. Kwenye kiharusi, mara nyingi paji la uso bado linakunjamana pande zote, kwa sababu linapokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Mshipa wenyewe ukiumia, paji nalo linalala, upande mmoja unabaki laini kama umepigwa pasi. Ila msijifanye madaktari sebuleni: mkono ukilegea, maneno yakikorogeka, au mkiwa na shaka tu, hospitali saa hiyohiyo.

Na wenzangu wa vituoni, nanyi mnanikera. Mtu anaingia uso umelala, unaandika "kupooza kwa Bell, itaisha yenyewe," sikioni hujachungulia! Jina hilo linatolewa baada ya kukosa sababu nyingine. Ni kweli Bell ndiyo inayoongoza, inaweza kuleta maumivu nyuma ya sikio, na wengi wanapona. Lakini mtu mzima anatakiwa aanze prednisoloni ndani ya saa 72. Ukiona malengelenge sikioni, huyo ni kirusi cha mkanda wa jeshi, anahitaji na dawa ya virusi. Ukiona usaha, prednisoloni peke yake haitoshi.

Jicho lisilofunga nalo mnalisahau. Linakauka, kioo chake kinachubuka. Matone mchana, mafuta ya jicho usiku, kope zifungwe kwa plasta laini.

Yule mtoto sasa jicho linafunga. Akicheka, mdomo bado unakwenda kushoto.

Sehemu ya 5 nitaeleza sikio linalotoa usaha linasafishwaje, maana nimeona mnatumia njiti za kiberiti.