Mita 60 Zisizojua Maji Yanapita Wapi

Masika iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye kijito kimoja katika miteremko ya Uluguru, mojawapo ya vijito vingi vinavyoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Tulikuta kigingi cha saruji kilichowekwa kuonyesha mwisho wa mita 60 kutoka ukingoni. Kilikuwa katikati ya mahindi. Juu yake mahindi, chini yake mahindi hadi majini. Mwenye shamba, mama mmoja wa makamo, aliitikia shikamoo za wanafunzi, kisha akaniuliza bila hasira: “Mwalimu, na wewe umekuja kunihamisha?”

Siku ile sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, na nayaelekeza kwa wale wanaoweka vigingi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Nia yake ni njema. Lakini hebu tupige hesabu ya darasa la tano. Eka moja yenye umbo la mraba ina takriban mita 64 kila upande. Anayelima eka moja inayopakana na kijito, ukimtolea mita 60, anabakiwa na kipande cha upana wa mita nne. Hapo hujampunguzia shamba, umemnyang'anya. Ndiyo maana kigingi kinasimama na mahindi yanaota. Ofisa anajua, mwenyekiti wa kijiji anajua, mkulima anajua, na wote wanakubaliana kimyakimya kutazama pembeni. Ukanda wa mita 60 ulioandikwa kwenye karatasi una upana wa sifuri ardhini.

Jirani zetu wa Kenya, katika kanuni zao za ubora wa maji za mwaka 2006, walichagua njia nyingine: ukanda ulingane na upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala kuzidi mita 30. Ni nafuu kwa mkulima, lakini kosa ni lilelile kwa sura nyingine. Upana wa mto haukuambii lolote kuhusu mteremko unaoumwagia tope. Kijito chembamba cha mlimani, chenye mashamba ya mwinuko mkali pande zote, hupewa ukanda mwembamba kuliko wote, hali ndiko udongo mwingi unakoingilia.

Tujiulize kwanza ukanda wa majani hufanya kazi gani. Maji ya mvua yanaposhuka shambani yakiwa yametandaa kama shuka, majani yaliyoshonana huyapunguza mwendo, nayo yakipungua mwendo hayawezi tena kubeba mzigo. Mchanga huanguka katika mita chache za mwanzo. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno. Hazitui mpaka maji yatulie au yazame ardhini, na fosforasi ya mbolea husafiri ikiwa imezing'ang'ania. Kwa hiyo shamba la kichanga kwenye mteremko wa wastani linaweza kutosheka na ukanda mwembamba, ilhali shamba la mfinyanzi kwenye mwinuko mkali linahitaji mpana zaidi. Upana mmoja kwa yote mawili ni kushona vazi bila kumpima mvaaji.

Lakini hata kupima mwinuko na udongo hakutoshi, kwa sababu maji mengi hayashuki yakiwa yametandaa. Hukusanyika. Chukua hekta moja, mita 100 kwa 100, inayopakana na kijito. Chukulia kuwa katikati yake pana kibonde kinachokusanya maji ya sehemu 6 kati ya 10 za shamba na kuyatoa kijitoni kupitia mlango wa mita 5. Sasa tuweke ukanda wa mita 10 ukingoni kote, yaani mita za mraba 1,000. Maji ya mita za mraba 6,000 yatapita kwenye majani ya mita za mraba 50 tu. Kila mita moja ya majani inabebeshwa maji ya mita 120 za shamba. Majani hulala, tope hupita. Huku maji ya mita za mraba 4,000 zilizobaki yana majani ya mita 950, ambayo sehemu kubwa haina kazi.

Ichukue ardhi ileile, usiongeze hata hatua moja. Acha ukanda wa mita 5 ukingoni kote, ambao ni mita za mraba 500. Zile 500 nyingine zipande majani ndani ya kibonde chenyewe, upana wa mita 10, ukipandisha mita 50 kuelekea juu. Sasa maji yanakutana na majani kabla hayajapata nguvu. Mkulima amepoteza sehemu moja tu ya kumi ya hekta yake, na kijito kimepata kinga palipo na hatari. Chini ya mita 60 angepoteza sehemu sita.

Mtu atajuaje kibonde kiko wapi? Aende wakati mvua inanyesha, au kesho yake asubuhi. Ataona majani yaliyolazwa upande mmoja, ulimi wa tope uliovuka ukanda, au kifereji kilichochimbika. Atazame pia ukingo wa juu wa ukanda: tope likituama hapo miaka kadhaa huwa tuta, na tuta huyafanya maji yatembee pembeni hadi yapate pa kupenya. Ukanda wa namna hiyo, ukitazamwa kiangazi, ni mzuri kwa picha ya ripoti.

Ninakiri mipaka ya hoja yangu. Naitreti huyeyuka na kusafiri chini ya ardhi. Huondolewa pale maji hayo yanapopita kwenye udongo wenye unyevu mwingi, mizizi na mabaki ya mimea, ambako vijidudu huigeuza kuwa hewa. Yakipita chini zaidi ya mizizi, hata mita 60 hazisaidii. Dawa ni kupima mbolea shambani. Fosforasi nayo hujaa ukandani, na udongo ulioshiba huanza kuirudisha majini. Ndiyo maana majani yakatwe na kupelekwa kwa ng'ombe au mbuzi. Kumkataza mkulima kukata mabingobingo aliyoyapanda ukingoni ni kumnyima malisho na kukinyima kijito usafi.

Wapo watakaosema namba moja ni rahisi kusimamia, na kwamba ofisa hawezi kutembelea kila kijito. Nawauliza: ni kijito gani namba hiyo imesimamiwa? Kifungu hichohicho cha 57 kinamruhusu Waziri kutoa miongozo ya shughuli ndani ya eneo hilo. Basi mwongozo useme hivi: kila shamba la kando ya kijito liwe na ukanda mwembamba wa majani usiolimwa, na vibonde vipandwe majani hadi juu. Upana uamuliwe na mwinuko na udongo. Halmashauri ya kijiji ioneshwe vibonde hivyo na wakulima wenyewe, kwani wao huyaona maji kila masika.

Yule mama alituonyesha chake kabla hatujaondoka. Alikuwa amekiacha bila kulima, kwa sababu, alisema, mahindi hapo huchukuliwa na maji kila mwaka. Kigingi kilikuwa hatua thelathini kutoka hapo.