Gunia lenye kilemba: katuni ya Soweto, Mbeya ina maana gani?

Picha ya katuni iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye jarida inazunguka kwenye vikundi vya wasapu. Ina vipande vinne na maneno machache. Aliyekulia Mbeya anacheka mara moja, ila mgeni anaweza kuimaliza bila kuambulia kitu.

Kipande cha 1. Juu kuna bango: SOWETO. Siyo ile ya Afrika Kusini. Hii ni Soweto ya jijini Mbeya, penye soko la viazi. Dalali anamvisha mkulima kilemba cha majani: "Mzee wangu, wewe ndiye baba wa viazi!" Kumvisha mtu kilemba cha ukoka ni kumsifu kwa uongo ili umpate. Kwa hiyo msomaji anajua mapema kwamba mzee anapigwa.

Kipande cha 2. Sasa wapo shambani, na kilemba kimehamia kwenye gunia. Viazi vimejazwa hadi juu ya mdomo, vikashikiliwa kwa majani na kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Chukua mfano: mmekubaliana gunia shilingi 60,000, yaani 600 kwa kilo. Likibeba kilo 130, mkulima ametoa kilo 30 bure, sawa na shilingi 18,000. Kwa magunia kumi ni 180,000.

Kipande cha 3. Dar es Salaam. Mama anauza viazi hivyo hivyo kwa kikopo, na hapa hakuna kilemba. Kikopo hicho ni sado, jina lililotokana na makopo ya rangi ya Sadolin. Mchoraji anaonyesha kwamba zile kilo za bure hazipotei njiani. Zinauzwa zote, ila pesa yake hairudi shambani.

Kipande cha 4. Mizani ipo kona, imejaa utando wa buibui. Mzee ameshika noti chache na kusema, "Ndaga fijo." Ni Kinyakyusa, maana yake asante sana. Anamshukuru aliyemwibia, na hapo kicheko kinageuka uchungu.

Kwa nini mzee asigome? Viazi vikishachimbwa havisubiri, na deni la mbolea halisubiri pia. Akikataa peke yake, dalali anahamia shamba la jirani. Tena usafiri unapolipiwa kwa gunia badala ya kilo, mfanyabiashara anaona faida kujaza zaidi. Wakaguzi wakilikamata gari barabarani, mzee ameshalipwa zamani.

Ndiyo maana mizani imechorwa mwisho, na haina mtu karibu. Ingetakiwa iwe kipande cha 2, shambani, kabla kamba haijafungwa.