Jumla Isiyotangazwa Haina Haki

Katika baadhi ya masomo yetu, mhadhiri hutoa alama kidogo kidogo muhula mzima: zoezi alama 10, jaribio alama 20, kazi ya kikundi alama 10. Jumla huzidi kukua, na kila wiki tunabandikiwa asilimia. Napinga desturi hii ya kubandika asilimia bila kutaja jumla ya mwisho, kwa sababu asilimia hiyo inaeleza tulikotoka tu, ilhali sisi tunaisoma kama ahadi ya tuendako.

Tuwachukue wanafunzi wawili, kila mmoja akihitaji asilimia 70 ili asipoteze ufadhili wake. Wiki ya sita, alama zilizokwisha kutolewa ni 40. Wa kwanza ana 34, yaani asilimia 85. Wa pili ana 22, yaani asilimia 55. Jumla ya mwisho ikiwa 100, wa kwanza anahitaji alama 36 katika 60 zilizobaki, sawa na asilimia 60. Wa pili anahitaji 48 katika hizo 60, sawa na asilimia 80.

Sasa mhadhiri aongeze kazi za alama 50, jumla iwe 150. Lengo la asilimia 70 linakuwa alama 105. Wa kwanza anahitaji 71 katika 110, karibu asilimia 65. Wa pili anahitaji 83 katika 110, karibu asilimia 75. Hakuna aliyefanya jaribio jipya, na asilimia zao ukutani ni zilezile, 85 na 55. Lakini mzigo wa aliyetangulia umeongezeka, na wa aliyebaki nyuma umepungua.

Wahadhiri watajibu kwamba kazi za ziada ni huruma kwa aliyeteleza mapema. Ni kweli, hesabu yenyewe inaonyesha hivyo. Lakini huruma hiyo inalipwa kwa akiba ya mwenzake, ambaye hakuulizwa wala kuambiwa. Tena, wa pili naye anaweza kukata tamaa wiki ya sita, akidhani anadaiwa asilimia 80, kumbe anadaiwa 75.

Ninachodai ni kidogo. Jumla ya mwisho itangazwe wiki ya kwanza, na ikibidi kubadilika, itangazwe kabla kazi mpya haijatolewa. Kisha kando ya asilimia ziandikwe namba mbili: alama ambazo mwanafunzi amekwisha kuzipata, ambazo hazipungui, na alama zilizobaki kushindaniwa. Kwa namba hizo kila mmoja atatoa alizonazo katika lengo lake, agawanye kwa zilizobaki, ajue anadaiwa nini.

Mhadhiri asiyeweza kutaja jumla hiyo asitubandikie asilimia. Atupe alama zetu tu, tujue kwamba hesabu bado haijafungwa.