Mafuta ya dola 30, zimezuiwa 175

Hapa Makindye mhudumu hukujazia mafuta, kisha unalipa kiasi kinachosomeka kwenye pampu. Watoto wetu wanaosoma Marekani hukuta utaratibu mwingine: kadi huingizwa kwenye pampu kabla mafuta hayajatoka. Kwa kuwa kituo hakijui utajaza kiasi gani, huiomba benki izuie fedha za tahadhari. Tangu 2022, Visa na Mastercard huruhusu hadi dola 175.

Chukua mwanafunzi mwenye dola 200 benki, akajaza mafuta ya dola 30. Zikizuiwa 175, hubaki na 25 tu za kutumia, na akienda kununua chakula kadi yaweza kukataliwa. Hakuibiwa. Zile 145 za ziada huachiliwa benki ikishapokea hesabu kamili kutoka kituoni. Pengine saa mbili, pengine hata siku tatu.

Kwa maoni yangu hiyo si haki, maana pampu imeshajua hesabu kabla gari halijaondoka, na anayeumia ni mwenye akiba ndogo. Basi mwambie mwanao aingie ndani kwa keshia, ataje namba ya pampu, alipe dola 30 kwanza, ndipo ajaze.